Mpira Mweusi Umesimama Wapi?

"Dada, hii imetosha?" Ujumbe huwa mfupi hivyo, na chini yake ipo picha ya bomba la sindano lililovutwa dawa ya rangi ya waridi, limeshikwa kwa vidole viwili karibu na taa. Aliyetuma ana mtoto mwenye homa mapajani. Aliyetumiwa ni muuguzi, au mfamasia, au yule ndugu aliyesomea utabibu miaka miwili akaacha, na ambaye ukoo mzima umekwisha kumfanya daktari. Ni saa nane za usiku, na yeye hana chochote cha kupimia ila hicho kilichomo kwenye simu.

Picha kama hiyo ina maswali mawili ndani yake, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni dawa imefika kwenye mstari upi. Hilo jibu lake limo pichani, mradi mtu ajue pa kutazama. La pili ni kama kiasi hicho kinamfaa mtoto huyu, na hilo halimo pichani hata ukuze mara kumi. Lipo kwenye chupa na kwenye mizani.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mtoto ana miezi saba na uzito wa kilo 7.4. Dawa ni parasetamoli ya maji, ile ambayo watu huiita Panadol hata kama kiwanda ni kingine. Bomba ni la mililita 5, la kawaida, lililonunuliwa duka la dawa kisha sindano yake ikatolewa. (Kile kifuniko kidogo cha plastiki kitupwe kabisa kabla ya kuvuta dawa. Bomba likisukumwa nacho kikiwa kimesahauliwa mdomoni mwake, huruka hadi kooni kwa mtoto.)

Ndani ya bomba kuna mpira mweusi unaokwenda juu na chini pamoja na kisukumio. Mpira huo hugusa ukuta wa bomba kwenye kingo mbili: mmoja uko upande wa mdomo wa bomba, mwingine upande wa mkono wa mpimaji. Katikati ya kingo hizo mpira umebonyea kidogo. Isitoshe, kwenye mabomba mengi kichwa cha mpira kimechongoka, kwa hiyo machoni mwa mtu kuna sehemu tatu zinazoonekana kama zinaweza kusomwa: ncha iliyochongoka, ukingo wa juu na ukingo wa chini. Inayosomwa ni moja tu, ukingo wa juu, ule ulio karibu na dawa, mahali unapogusa ukuta.

Sababu yake mtu anaweza kujionyesha mwenyewe bila mwalimu. Chukua bomba tupu, lisukume hadi mwisho, kisha tazama ni sehemu gani ya mpira imesimama juu ya sifuri. Utakuta ni ukingo wa juu. Ile ncha imezama kwenye mabega ya bomba, na ukingo wa chini uko mbali. Sehemu inayokaa kwenye sifuri bomba likiwa tupu ndiyo inayosomwa bomba likiwa na dawa. Jaribio hili linafaa hata kwa mabomba ya kunyweshea dawa ambayo hayana mpira mweusi bali kisukumio cha plastiki tupu, kwa sababu kila kiwanda huchonga kivyake lakini sifuri haibadiliki. Anayesoma ukingo wa chini kwenye bomba la mililita 5 huweza kukosea kwa mistari mitatu hadi minne.

Halafu kuna mistari yenyewe. Kwenye bomba la mililita 5 kwa kawaida kuna mistari mifupi minne kati ya namba moja na inayofuata. Mistari minne hugawa mililita moja katika nafasi tano, basi kila mstari ni 0.2, si 0.1. Kwenye picha ya mfano wetu, ukingo wa juu wa mpira umesimama mstari wa pili baada ya 4. Aliyezoea rula ya shule atasema 4.2. Jibu ni 4.4. Mabomba madogo ya mililita 2 au 3 mara nyingi huwa na mistari ya 0.1, na yale ya 10 hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo hakuna njia ya mkato: tafuta namba mbili zinazofuatana pichani, hesabu nafasi zilizo kati yake, ndipo useme mstari mmoja ni kiasi gani.

"Baada ya 4" nako kuna mtego, kwa sababu picha hutumwa imelala, imesimama au imepinduliwa. Namba za bomba huanzia mdomoni na kukua kuelekea kwenye mkono wa mpimaji. Msomaji akikosa kuangalia upande huo atahesabu mistari miwili upande mwingine wa 4 na kupata 3.6. Na picha iliyopigwa kwa kamera ya mbele wakati mwingine hutokea imegeuzwa kama ya kwenye kioo, namba zote zikiwa kinyumenyume. Hiyo mwombe mwenyewe aipige upya.

Sasa tazama umbo la ukingo wenyewe pichani. Ukionekana kama mstari ulionyooka, kamera ilikuwa usawa wake. Ukionekana kama yai lililolala, kamera ilikuwa juu au chini, na hapo ndipo watu hupotea, maana yai lina pande mbili. Upande wa mbele unagusa ukuta wenye namba. Upande wa nyuma uko ng'ambo ya bomba, zaidi ya sentimita moja nyuma ya namba hizo. Kamera ikiinama nyuzi 30 hivi, upande wa nyuma unaweza kuonekana umehama karibu mililita nzima, ilhali ule wa mbele umehama kidogo mno, kwa sababu kinachoutenga na wino wa namba ni unene wa plastiki peke yake. Kwa hiyo picha ya mshazari si lazima itupwe. Soma upande wa yai ulio karibu na namba, uachane na ule wa nyuma.

Bora zaidi ni kuelekeza namna ya kupiga. Bomba lisimamishwe, mdomo ukiangalia juu, na simu ishushwe hadi iwe usawa wa mpira, si usawa wa uso wa mpigaji. Simu isisogezwe karibu sana, kwa kuwa kamera ikibanwa na kitu hupindisha kingo za picha. Iwe umbali wa mkono, kisha picha ikuzwe. Taa ya simu izimwe, maana mng'ao wake huangukia palepale penye mistari. Karatasi nyeupe nyuma ya bomba husaidia sana.

Kusimamisha bomba kuna faida nyingine: hewa hupanda juu na kuonekana. Bomba likilazwa mezani, hewa hujitandaza ubavuni na picha haiionyeshi vizuri. Katika mfano wetu, dada anakuza picha na kuona kwamba juu ya dawa, karibu na mdomo, kuna nafasi isiyo na rangi inayofika mstari wa pili kutoka sifuri. Hiyo ni hewa ya 0.4. Mpira umesimama kwenye 4.4, lakini ndani mna dawa ya mililita 4 tu. Ukingo wa mpira haujui kilicho mbele yake ni dawa au hewa; hupima nafasi. Ndiyo maana bomba hugongwa kwa ukucha, hewa ikapanda, kisukumio kikasogezwa polepole hadi dawa itokeze mdomoni, na ndipo kipimo kikasomwa. Dawa hii ikitikiswa, na sharti itikiswe kwa sababu unga wake hutuama chini ya chupa, huwa na povu. Dakika mbili tatu za kungoja povu litulie kabla ya kuvuta hupunguza kazi hiyo yote.

Picha moja, basi, imetupa majibu matatu: 4.2 kwa aliyekosea mistari, 4.4 kwa aliyesoma mpira, 4 kwa aliyeona hewa. Je, tofauti hizo zina uzito gani? Hapo tunatoka kwenye bomba na kwenda kwenye mtoto.

Parasetamoli hupimwa kwa uzito wa mwili: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa mara moja. Kwa mtoto wa kilo 7.4, chini ni 10 × 7.4, yaani miligramu 74, na juu ni 15 × 7.4, yaani miligramu 111. Mpaka hapo hatujagusa mililita, na haifai kuzigusa. Miligramu ni dawa. Mililita ni maji yaliyobeba dawa. Daraja kati ya hizo mbili limeandikwa kwenye chupa.

Chupa ya mfano wetu inasema kila mililita 5 zina miligramu 120. Gawanya 120 kwa 5, unapata miligramu 24 katika kila mililita. Kiwango cha chini, 74, ukikigawanya kwa 24 unapata mililita 3.1 hivi, cha juu, 111, kinakuwa mililita 4.6. Kipimo chochote kati ya hapo kinafaa, na mtu mwenye akili atachagua kile ambacho kina mstari wake kwenye bomba: mililita 4. Hizo zina miligramu 96, sawa na miligramu 13 kwa kilo.

Ukirudi sasa kwenye yale majibu matatu, utaona kwamba 4 ni miligramu 13 kwa kilo, 4.2 ni 13.6, na 4.4 ni 14.3. Yote yamo ndani ya mpaka. Kwa dawa hii, kwenye chupa hii, kosa la mstari mmoja au miwili halimdhuru mtoto. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nimeona watu wakibishana juu ya mstari mmoja mfupi, huku hakuna aliyeuliza chupa imeandikwa nini.

Chupa zenyewe hazifanani. Ipo yenye miligramu 120 katika mililita 5, ipo ya 125 ambayo tofauti yake ni ndogo, na ipo ya 250 katika mililita 5, ambayo ni ya watoto wakubwa lakini inaweza kukaa rafu moja na mwenzake, pengine kwa rangi ileile. Zipo na matone ya watoto wachanga, chupa ndogo yenye kidonyeshi, ambayo mara nyingi hubeba miligramu 100 katika kila mililita moja. Chukua bomba letu lililojaa mililita 4.4 bila hewa. Kama dawa imetoka kwenye chupa ya 250, mtoto atapata miligramu 220, karibu 30 kwa kilo, mara mbili ya kiwango cha juu. Kama imetoka kwenye chupa ya matone, atapata miligramu 440, yaani 59 kwa kilo. Hiyo ni dawa ya siku nzima kwa mkupuo mmoja. Na picha ya bomba ni ileile: mpira uleule, mstari uleule.

Chupa zinazosafiri ndani ya mabegi huongeza mkanganyiko. Ndugu aliyeko Uingereza ataleta ya 120 au ya 250. Aliyeko Marekani ataleta ya miligramu 160 katika mililita 5, na kule dawa haiitwi parasetamoli bali asetaminofeni, ingawa ni kitu kimoja. Zamani Marekani walikuwa na matone makali ya watoto wachanga pamoja na ile ya 160 ya watoto wakubwa, na wazazi wakizichanganya. Mwaka 2011 watengenezaji walikubali kuacha yale matone na kubaki na kiwango kimoja kwa watoto wote. Mililita 4.4 za chupa hiyo ni miligramu 141, sawa na 19 kwa kilo, kiasi kilichovuka mpaka. Kwa mtoto wetu, chupa ya Marekani inadai mililita 3 tu: miligramu 96 zilezile.

Matone yanadai bomba lingine kabisa. Miligramu 96 ni takriban mililita 0.95 za matone, na kwenye bomba la mililita 5 mstari mmoja ni 0.2, yaani miligramu 20 za dawa hiyo. Kosea mistari miwili, umetoka 13 kwa kilo hadi zaidi ya 18. Ule usamehevu wa mistari tuliouona umekwisha. Kipimo kilicho chini ya mililita moja hupimwa kwa bomba la mililita 1, ambalo mistari yake ni ya mia: 0.01. Ila liangaliwe vizuri, kwa sababu bomba la insulini hufanana nalo na namba zake si mililita bali yuniti. Kwenye bomba la kawaida la insulini yuniti 100 ndiyo mililita 1, hivyo "40" iliyoandikwa pale ni 0.4. Mtu akituma picha ya bomba jembamba lenye namba 10, 20, 30 hadi 100, muulize kwanza alilipata wapi.

Uzito nao una mambo yake. Kadi ya kliniki ndiyo mahali pa kwanza pa kutazama, pamoja na tarehe ya mara ya mwisho mtoto alipopimwa. Kwa umri huu mtoto anaweza kuongeza gramu 300 au 400 kwa mwezi, kwa hiyo uzito wa miezi mitatu iliyopita umepungukiwa na kilo nzima. Kipimo kitakuwa kidogo kuliko inavyofaa, kosa lisilo la hatari sana. Nyumbani mzazi anaweza kupanda mizani akiwa amembeba mtoto, kisha peke yake, akatoa. Mizani ya watu wazima hukosea hata nusu kilo, na nusu kilo kwa mtoto wetu ni takriban asilimia 7 ya kipimo. Si neno. Neno ni mizani inayosoma ratili, kama nyingi za Marekani. Kilo 7.4 huandikwa pale 16.3, na mtu akiichukua kama kilo atampa mtoto zaidi ya mara mbili ya kipimo chake. Manesi wana kikokotoo cha kichwani cha kugundua kituko kama hicho: kwa mtoto aliye chini ya mwaka, miezi yake gawa kwa mbili, jumlisha 4. Miezi saba inatoa 7.5. Hakichukui nafasi ya mizani, lakini ukiambiwa mtoto wa miezi saba ana kilo 16, kitakushtua.

Ndiyo maana yule dada wa saa nane usiku, kama anaijua kazi, hajibu picha moja. Huomba nyingine mbili: ubavu wa chupa unaosomeka maneno "kila mililita 5 zina", na ukurasa wa uzito kwenye kadi ya kliniki. Kisha hujibu kwa maneno yasiyoweza kusomwa vingine: "Toa hewa. Mpe mililita 4 (nne) kwa bomba hilo la mililita 5. Usimpe tena kabla ya saa mbili asubuhi." Ameandika 4, hakuandika 4.0, kwa kuwa nukta hupotea kirahisi kwenye kioo kilichopasuka na 4.0 ikawa 40. Kwa sababu hiyohiyo kipimo kidogo huandikwa 0.4, kamwe si .4. Akiweza kupiga simu atatamka: nne, au nne nukta nne.

Dawa yenyewe hutiwa kidogokidogo upande wa ndani wa shavu, mtoto akiwa ameinuliwa, si kumwagwa kooni kwa mkupuo. Tone linalobaki kwenye mdomo wa bomba halihesabiwi. Bomba limetengenezwa likijua litabaki.

Kati ya kipimo na kipimo ni saa sita, na kwa siku nzima visizidi vinne. Mililita 4 mara nne ni miligramu 384, takriban 52 kwa kilo. Mwenye kuvunja hesabu hii mara nyingi ni dawa ya pili: sirapu za mafua zina parasetamoli ndani yake, na bibi aliyempa mtoto "ya mafua" jioni hajui kwamba ameshatumia kipimo kimoja kati ya vinne. Kwa hiyo dada huuliza pia kama kuna chupa nyingine iliyofunguliwa leo.

Kuna picha ambazo hazistahili kusomwa kabisa. Mtoto aliye chini ya miezi miwili akiwa na homa hapimiwi dawa kwa simu. Anapelekwa kituo cha afya usiku huohuo. Vivyo hivyo mtoto wa umri wowote asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri. Hata huyu wetu wa miezi saba, homa ikishuka, bado asubuhi anatakiwa apimwe malaria, kwa sababu parasetamoli hushusha joto tu.

Na kama picha inafika baada ya dawa kunywewa, dada akaona chupa ni ya matone, hangoji dalili. Parasetamoli iliyozidi huumiza ini kimyakimya. Siku ya kwanza mtoto anaweza kutapika kidogo au akaonekana mzima kabisa, akacheza, na madhara yakajitokeza siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kulilinda ini ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa nane za kwanza. Atawaambia waende hospitali sasa, na wabebe chupa yenyewe, bomba lenyewe, kadi ya kliniki, na saa kamili aliyokunywa. Ile picha isifutwe: inaonyesha mpira ulisimama wapi, na simu imeihifadhi pamoja na dakika iliyopigwa.